Muwaondoe Majogoo Kwenye Ripoti ya Gazeti

Juzi mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniletea karatasi yake ya insha akiwa amenuna. Amepata saba kati ya ishirini. Swali lenyewe lilikuwa fupi: andika ripoti ya gazeti yenye kichwa WANAFUNZI 27 WALAZWA BAADA YA KULA CHAKULA CHA SHULE. Chini ya kazi yake, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Insha kavu. Utangulizi hauvutii. Methali ziko wapi?"

"Mjomba," akaniuliza, "kwani magazeti huwa na methali?"

Nilifanya kazi ya uandishi wa habari kwa miaka kadhaa kabla sijahamia huku kwenye uhakiki, na nilitaka kumjibu kwa maneno ambayo mtoto hafai kuyasikia. Nikajizuia. Nikaomba kwanza nione ile insha ya mfano ambayo darasa lilisomewa kuwa ndiyo bora. Ilianza na majogoo wakiwika. Ikapita kwenye jua la matlai, ikatulia kidogo kwenye umande, ikatukumbusha kwamba ajali haina kinga. Mwanafunzi wa kwanza alianza kutapika kwenye aya ya nne! Na alipotapika, alitapika papo hapo, kijiko kikiwa bado mdomoni, "kama mtu aliyelishwa sumu ya nyoka". Insha hiyo ilipata kumi na saba.

Basi leo nina ugomvi, na ugomvi wangu si na mwalimu mmoja. Ni na sisi sote tunaojiita watu wa fasihi. Ni sisi tuliowafundisha walimu kwamba ripoti ya gazeti ni maskini anayehitaji kuvishwa nguo za kuazima.

Tuanze na kichwa cha habari, kwa sababu ndicho mtahiniwa amepewa. Kichwa ni mkataba. Kila neno lililomo ni deni ambalo ripoti lazima ilipe. "27" ni idadi. Ukimaliza kuandika, mtu akijumlisha takwimu zako apate 27, si 25 wala 30. "Walazwa" maana yake walipewa vitanda hospitalini. Ukiandika kwamba wote walipewa dawa wakarudi bwenini usiku huohuo, umevunja mkataba, maana hao walitibiwa, hawakulazwa. Na "baada ya" si "kwa sababu ya". Mhariri aliyeandika kichwa kile anajua kwamba chakula kinashukiwa tu, na ameacha mlango wazi. Mwanafunzi anayefungua kwa "sumu iliyotiwa kwenye chakula" amehukumu kesi ambayo haijafunguliwa.

Hata kitenzi chenyewe kina sheria yake. Kwenye kichwa tunasema "walazwa", kwa ile -a- fupi inayookoa nafasi na kuifanya habari iwe mbichi. Ukishuka kwenye habari yenyewe, unasema "walilazwa". Mpwa wangu alilijua hilo bila kufundishwa, kwa kusoma Taifa Leo tu. Mwalimu hakuliona.

Sasa tuje kwenye muundo. Sentensi ya kwanza ya mpwa wangu, ile iliyoitwa kavu, ilikuwa karibu hivi:

> Wanafunzi 27 wa shule ya upili ya bweni walilazwa hospitalini Jumatatu usiku baada ya kutapika na kuumwa na tumbo, saa chache baada ya kula chakula cha jioni shuleni.

Hebu nionyeshe kilichokosekana hapo. Nani, nini, wapi, lini, vyote vimo, na shaka ya kwa nini imewekwa mahali pake. Msomaji aliye kwenye matatu, ambaye atashuka kituo kijacho, tayari ana habari. Yanayofuata hupangwa kwa uzito: kwanza hali ya wagonjwa, halafu ilivyotokea, halafu wanasema nini wahusika, halafu kinachofuata, na mwisho kabisa historia ya nyuma. Mpango huu una sababu ya kikazi. Mhariri akipungukiwa na nafasi, anakata kutoka chini. Ukiweka idadi ya wagonjwa kwenye aya ya mwisho ili "kumtia msomaji hamu", hamu hiyo itaishia kwenye pipa la takataka.

Hapa ndipo watu huniambia: "Lakini hii ni habari ya kubuni, bwana. Ukweli unatoka wapi?" Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, eti kwa kuwa mambo ni ya kubuni, basi yoyote yanafaa. La hasha! Mwandishi wa habari halisi analindwa na tukio. Akiandika jambo la ajabu, anaweza kujitetea kwamba ndivyo lilivyotokea. Anayebuni hana utetezi huo. Ngao yake ni moja tu, nayo ni kwamba mambo yashikamane.

Tuuchukue mkasa huu tuufanyie kazi. Chakula cha jioni katika shule ya bweni huliwa, tuseme, saa kumi na mbili na nusu. Uchafuzi wa chakula kwa kawaida hauangushi mtu kijiko kikiwa mdomoni. Kuna bakteria ambao sumu yao humtapisha mtu baada ya nusu saa hadi saa chache, na wengine, kama salmonela, huanza kusumbua baada ya saa sita au hata siku kadhaa. Kwa hiyo wagonjwa wa kwanza wakianza kulalamika saa tatu usiku, wakati wa masomo ya jioni, habari inaaminika.

Halafu hesabu. Wanafunzi 41 walikwenda kwa muuguzi wa shule. Kumi na wanne walipata nafuu palepale na hawakuhitaji hospitali. Waliobaki ni 27, nao ndio waliopelekwa na basi la shule na kulazwa. Kichwa kimelipwa.

Lakini mhariri yeyote mwenye macho atauliza: shule ina wanafunzi mia sita, wote wamekula chungu kimoja, mbona waliougua ni 41 tu? Mtoto anayebuni ovyo hana jibu. Anayebuni kwa akili anatafuta jambo litakalojibu. Tuseme wali uliopikwa jioni uliisha kabla ya foleni kwisha, na waliokuwa nyuma wakapakuliwa uliobaki mchana. Sasa idadi ndogo ina maana. Na bila kutarajia, habari imepata uti wa mgongo: nani aliamua kuwapa wali wa mchana?

Hapo tunafika kwenye swali ambalo mhariri wangu wa zamani alikuwa akinirushia kwa simu kabla hata hajanisalimia: "Nani kasema?" Kila jambo ambalo mwandishi hakuliona kwa macho yake lazima liwe na mwenyewe, na mwenyewe awe mtu anayeweza kulijua. Daktari anajua hali ya wagonjwa. Hajui kilichopikwa jikoni. Mwanafunzi anajua alichokula. Hajui jina la bakteria. Kwa hiyo:

> Mwanafunzi mmoja, ambaye hatuwezi kumtaja kwa sababu ya umri wake, alidai kwamba waliokuwa mwisho wa foleni walipewa wali uliobaki mchana. Mwalimu mkuu alikanusha madai hayo, akisema chakula chote kilipikwa jioni. Afisa wa afya ya umma alithibitisha kwamba sampuli za chakula na maji zimechukuliwa, na kwamba matokeo yatatolewa baada ya siku kadhaa.

Tazama vitenzi. Alidai, alikanusha, alithibitisha. Kimoja hakiwezi kukaa mahali pa kingine. "Alidai" humwambia msomaji kwamba neno hili halijapimwa. "Alithibitisha" humwambia kwamba msemaji ana mamlaka ya kulijua. Na zile siku kadhaa zipo kwa sababu maabara huotesha vimelea kwanza. Ripoti inayotoa majibu usiku uleule imejisaliti. Mnasema insha ni kavu, mnataka msamiati? Huu hapa msamiati, wenye kazi ngumu kuliko methali kumi za kubandika.

Majina ya shule na ya wakubwa nimeyaacha makusudi. Mtahiniwa atayaweka, kwa sababu gazeti hutaja majina, ila abuni yanayoendana na mahali. Asitaje shule ya kweli ya jirani wala mwalimu wake anayemchukia. Kumpaka mtu halisi kashfa ya kubuni si ubunifu.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao walimu wetu wanauendekeza. Ripoti rasmi ya tume au ya kamati ina hadidu za rejea, matokeo na mapendekezo. Ripoti ya gazeti haina. Nimeona insha ambazo mwandishi wa habari, baada ya kusimulia yote, anapendekeza mpishi afutwe kazi na kumalizia kwa kuwaasa wazazi. Maoni yana ukurasa wake, unaitwa tahariri. Ripoti huishia pale habari inapoishia, kwa jambo kama vile masomo kuendelea au kusitishwa, na haihitaji kwaheri.

Najua utetezi wa walimu, na una nguvu kiasi. Mtihani wa insha wa KCSE haupimi uanahabari, unapima Kiswahili. Msahihishaji ana karatasi nyingi, ana viwango vyake kutoka D hadi A, na insha yenye tamathali humzindua usingizini. Mtoto anaandika ili afaulu, si ili aajiriwe na gazeti. Sawa. Lakini swali lilisema "ripoti ya gazeti". Kama mnataka masimulizi, ombeni masimulizi. Majogoo yatawika kwa raha zao. Kuomba kitu kimoja na kutuza kingine ni kumfundisha mtoto kwamba maneno ya swali hayana maana. Na mtoto aliyezoea kwamba "27" ni pambo tu, kesho atasoma taarifa ya wizara yenye hesabu isiyojumlika na hataona kitu.

Sisi wa fasihi tungepaswa kulijua hili mapema. Ken Walibora, aliyetupa *Siku Njema*, alikuwa pia msomaji wa habari kwenye televisheni, na hakuna aliyemwona amepungukiwa kwa hilo. Kubuni foleni ya chakula ambayo wali unaisha mahali hasa unapopaswa kuisha, hiyo ni kazi ya mtunzi. Ni plau, ni wahusika, ni mgogoro, vyote kwenye maneno mia nne.

Mpwa wangu nimempa kumi na sita. Nimempunguzia alama nne kwa sababu kwenye aya ya tatu wagonjwa wake walifika 29. Alipozihesabu tena, akacheka, akaomba kalamu asahihishe.