Nusu Siku ya Mkalimani Ina Siku Ngapi?

KAULI YA WIKI
Na Halima Wario

Simu ilimpata Mwalimu akiwa nyumbani Merti. Ni mwalimu mstaafu, na sasa anaishi kwa ukalimani wa Kiborana, Kiswahili na Kiingereza. "Mwalimu, ni mkutano wa nusu siku tu hapa Isiolo mjini," aliyepiga alimwambia. "Unaanza saa tatu, saa saba unakula chakula, unaenda zako. Tuna elfu kumi, kila kitu ndani."

Tupige hesabu ya hiyo nusu siku. Merti na Isiolo mjini ni mwendo wa kama kilomita 200, na barabara mnaijua. Anayetaka kuwa ukumbini saa tatu asubuhi lazima asafiri siku moja kabla. Akimaliza saa saba, magari ya Merti yamekwisha kuondoka, kwa hiyo analala tena. Siku tatu zimeliwa. Tuseme nauli na vyumba viwili vya kawaida vimemaliza shilingi 5,000. Amebaki na 5,000 kwa siku tatu, na bado hajafungua karatasi za mkutano.

Na karatasi ndizo kazi yenyewe. Mkutano ulihusu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Sheria hiyo inataka jamii ichague kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15. Mkalimani asiyeisoma atamweleza mzee wa Kiborana kwamba hiyo kamati ni dedha, kwa sababu dedha ndilo baraza la wazee wa malisho analolijua. Mzee ataitikia kwa kichwa na kwenda nyumbani akiamini hakuna jipya. Au pale sheria inapotaka theluthi mbili ya jamii ikubali, mkalimani atasema "watu wengi". Ukumbini hakuna atakayegundua. Kosa litaonekana siku mwekezaji atakapokuja na karatasi iliyotiwa saini. Mwalimu hutumia siku nzima kusoma, kuandika orodha ya maneno na kumpigia msemaji simu amuulize anakusudia nini. Akiletewa karatasi usiku wa kuamkia mkutano, hawezi.

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji wetu hulisahau kila mara. Kumbi nyingi za hapa hazina kibanda cha mkalimani wala vipokea sauti vya masikioni. Msemaji anasema kidogo, ananyamaza, mkalimani anafuata. Kila hotuba inachukua muda mara mbili. Ratiba ya Mwalimu ilikuwa na wataalamu watatu, dakika 40 kila mmoja. Kwenye karatasi hiyo ni saa mbili. Ukumbini ni saa nne, kabla ya chai na kabla ya mzee wa kwanza kuinua mkono. Nusu siku ilikwisha kuvunjika tangu ilipochapishwa. (Vifaa vikiwapo, msifurahi upesi: kutafsiri papo kwa papo kunataka wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu ubongo huchoka na sentensi zinaanza kudondoka.)

Mwalimu hakukasirika. Alirudisha bei iliyogawanywa. Siku nzima kwake ni 20,000. Nusu siku si 10,000, ni 13,000, maana hakuna atakayempa kazi nyingine mchana huo. Siku ya kusoma, nusu ya bei, 10,000. Kwenda na kurudi, 5,000 kila upande. Jumla 33,000, na nauli na malazi pembeni kwa risiti. Akaongeza mstari mmoja: nusu siku ni saa nne, chai ikiwemo, zikipita, ni siku nzima.

Mwandaaji aliguna. Mimi naona ningeguna pia, kama bajeti yangu ingekuwa imeandikwa na mtu wa Nairobi anayedhani Isiolo ni mji tu. Lakini bajeti hiyohiyo ilikuwa na posho ya kulala kwa kila mtaalamu aliyetoka Nairobi, na hakuna aliyewaambia wao kwamba hotuba ya dakika 40 inalipwa kwa dakika 40. Mwishowe walikubaliana, na karatasi zikatumwa siku nne mapema.

Siku ya siku, mkutano ulifunguliwa saa tatu na nusu ukafungwa saa kumi kasorobo. Ule mstari mmoja ukafanya kazi: 13,000 ikawa 20,000, na jumla ikawa 40,000. Ikakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 2,000, akabaki na 38,000. Mwalimu aliomba cheti cha makato hayo palepale, kabla watu wa hesabu hawajapanda gari.