Pesa humfikia mzazi, lakini nani anayemwona? Hesabu ya huduma ya kutembelea wazee mpakani

Chukua mfano wa mama mwenye miaka 74 anayeishi peke yake kijijini, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka mji wa Tarime. Binti yake anauza nguo za mitumba Kisumu na huvuka Sirari mara moja au mbili kwa mwezi. Kijana wake anafanya kazi ya udereva Maskati. Wote wawili hutuma pesa bila kukosa. Hata hivyo, siku mama alipopelekwa hospitali akiwa na kizunguzungu na miguu iliyovimba, hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kumjibu daktari swali la kwanza: mama anatumia dawa gani, na mara ya mwisho alimeza lini?

Mfano huu ni wa kubuni, ila hali yenyewe si ngeni kwa familia zilizotawanyika kati ya Tarime na Migori, Mutukula na Bukoba, au Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zienee baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007, tatizo la kumfikishia mzazi fedha limepungua sana. Lililobaki ni jingine: fedha hufika nyumbani, lakini hakuna mtu anayefika pamoja nazo.

Pesa inapofika peke yake

Mzee asiyeona vizuri maandishi ya simu humpa mjukuu au jirani namba ya siri ili amtolee pesa. Kuanzia hapo mtoto aliyeko mbali hajui kilichotolewa ni kiasi gani, wala kilichomfikia mzazi. Na hata mzazi akipokea yote, pesa taslimu ndani ya nyumba ya kijijini haina mwenyewe mmoja. Kuna mchango wa msiba, kuna ada ya mjukuu, kuna jirani mwenye shida. Dawa ya presha, ambayo ikikosekana wiki moja mgonjwa huenda asihisi chochote, ndiyo husubiri.

Serikali za eneo hili zina mipango yao. Kenya huwapa wazee wa miaka 70 na kuendelea Sh2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, Uganda huwalipa wenye miaka 80 na zaidi Sh25,000 za nchi hiyo, na Zanzibar ilianza pensheni kwa wazee wote wa miaka 70 mwaka 2016. Yote hayo ni fedha. Hakuna mpango kati ya hiyo unaomtuma mtu aketi na mzee na kuhesabu vidonge vyake.

Nchi nyingine zimelijaribu jambo hilo kwa kumtumia mtu ambaye tayari anapita mlangoni. Posta ya Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuuza huduma ambayo mpeleka barua humtembelea mzee na kumpa mtoto wake taarifa. Posta ya Japani ilieneza huduma ya namna hiyo nchi nzima mwaka huohuo. Afrika Mashariki barua haziletwi mlangoni, lakini wapo wanaopita: bodaboda, muuza maziwa, mwenye duka la jumla anayesambaza bidhaa vijijini. Biashara hii inaweza kuanzia kwao, na wafanyabiashara wa mpakani ndio wenye mtandao huo.

Kinachofanyika siku ya ziara

Huduma inayofaa si ya kubisha hodi na kuuliza hali, kwa sababu mzee atajibu kuwa hajambo hata akiwa na homa. Mtembeleaji anahitaji mambo machache ya kuangalia, yaleyale kila mara, na daftari linalobaki nyumbani kwa mzee.

La kwanza ni vidonge. Mama akianza pakiti ya vidonge 30 vya kumeza kimoja kwa siku, baada ya siku 14 vinatakiwa kubaki 16. Vikiwa 22, kuna siku sita hakumeza. Vikiwa 9, ama kuna siku anameza viwili au anamgawia jirani mwenye presha, jambo ambalo wazee hulifanya kwa wema kabisa. Hesabu hiyo haihitaji elimu ya udaktari, na humweleza mtoto aliyeko Maskati mengi kuliko simu ya nusu saa.

La pili ni kipimo cha presha cha mkononi. Makosa hutokea hapa kwa haraka ya mpimaji. Mzee akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikanyage chini, apumzike dakika tano bila kuzungumza, mkono ulale mezani usawa wa moyo, kisha apimwe mara mbili kwa kupisha dakika moja. Namba zote mbili ziandikwe. Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi baada ya kurudia, mhudumu wa afya apigiwe simu siku hiyohiyo. Kukiwa pia na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda upande mmoja, mkono kulegea au maneno kutotamkika, ni safari ya hospitali wakati huohuo, si ya kusubiri mtoto apokee simu.

La tatu ni nyumba yenyewe: jiko limewashwa leo? Maji yapo? Mzee ametoka nje? Majivu yaliyopoa tangu jana hueleza kuwa mzee hajapika, hata kama yeye anasema ameshiba.

Dawa si bidhaa ya begi

Kosa la gharama kubwa zaidi hufanywa kwa nia njema na watoto wenyewe. Binti wa Kisumu hununua dawa ya mama huko, kwa kuwa duka analijua, na kuipakia pamoja na mzigo. Mwezi unaofuata zahanati ya kijijini humpa mama dawa ileile yenye jina jingine la kiwanda. Mama anaona boksi mbili za rangi tofauti na kuzimeza zote. Ikiwa moja ni amlodipini ya miligramu 5 na nyingine ya miligramu 10, anapata mara moja na nusu au mara tatu ya alichoandikiwa. Kizunguzungu na miguu kuvimba ni dalili zinazofahamika za dawa hiyo ikizidi, na ndizo zilizomfikisha mama wa mfano wetu hospitali.

Kuna na sheria. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, unahusu bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Dawa zina wasimamizi wake: TMDA upande wa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu upande wa Kenya. Anayeanzisha huduma hii asiwe msafirishaji wa dawa. Dawa inunuliwe upande anaoishi mzee, kwenye famasi moja, kwa cheti cha daktari anayemwona. Kinachovuka mpaka ni malipo, na risiti inayopigwa picha.

Bima nayo hubaki upande wake. Mchango wa mtoto katika mfuko wa afya ya jamii wa Kenya unamhusu yeye, mwenzi na watoto wake, si mama aliye Tarime.

Hesabu ya njia moja

Swali la mfanyabiashara ni moja: inalipa? Chukua makadirio ya mfano, ambayo kila mtu atayabadilisha kulingana na bei za kwake.

Mtembeleaji akienda kwa mzee mmoja mara mbili kwa wiki, yaani mara nane kwa mwezi, na kila safari ikagharimu Sh4,000 za Tanzania za bodaboda na Sh10,000 za muda wake, mwezi mmoja ni Sh112,000. Familia nyingi zitashindwa.

Sasa aweke wazee sita kwenye njia moja. Bodaboda ya mzunguko mzima iwe Sh6,000 na posho ya siku Sh20,000. Siku nane ni Sh208,000. Ongeza Sh32,000 za vocha, daftari na betri za kipimo, jumla inakuwa Sh240,000. Kila familia inalipa Sh40,000. Ziara ya dakika 40 kwa wazee sita ni saa nne, na muda wa njiani unabaki. Wazee kumi hawawezekani kwa siku moja bila kufupisha ziara, na ziara ikifupishwa, kinachoachwa kwanza ni zile dakika tano za kupumzika na kuhesabu vidonge.

Sh40,000 hizo hazina faida ya mwenye biashara ndani yake. Faida ipo kwenye kapu: unga, sabuni, mafuta ya taa au ya kupikia, ambavyo mtoto hulipia dukani moja kwa moja na mtembeleaji huvipeleka. Bei ikubaliwe kwa sarafu ya upande anaoishi mzee, kwa kuwa ndiko gharama ziliko. Bei ya shilingi ya Kenya ikikubaliwa Januari, inaweza kuwa hasara Juni.

Mipaka ya anayeingia nyumbani

Huduma hii hufa kwa kukosa uaminifu mapema kuliko kwa kukosa wateja. Mtu anayeingia mara mbili kwa wiki kwenye nyumba ya mzee aliye peke yake anajua pesa hufika lini na hati ya shamba iko wapi. Kwa hiyo kuna mambo asiyoyagusa kabisa: namba ya siri ya simu, pesa taslimu, na karatasi yoyote ya kutiwa saini au kidole gumba.

Atambulishwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa ndugu walio karibu kabla ya ziara ya kwanza. Mgeni asiyejulikana huzua maneno, na katika Kanda ya Ziwa maneno juu ya bibi kizee anayeishi peke yake yamewahi kugharimu maisha ya watu.

Dalili za mtembeleaji aliyeacha kwenda huonekana daftarini. Presha ya binadamu haisomi 130 kwa 80 ziara nane mfululizo. Idadi ya vidonge inayopungua sawasawa kila mara, huku risiti ya pakiti mpya haijaja kwa miezi miwili, ni namba zilizoandikwa kivulini. Njia ya kuhakiki ni binti kupita mwenyewe siku anayovuka, bila taarifa, akahesabu vidonge na kulinganisha.

Na mzee aulizwe kwanza. Wapo watakaokataa mtu wa kulipwa kwa kuona ni aibu mbele ya majirani, kana kwamba watoto wamemtelekeza. Mara nyingi anayekubalika ni mtu ambaye angepita hata hivyo: muuza maziwa yuleyule wa asubuhi, safari hii akiwa na daftari.