Pesa za kikundi zikipotea Unguja, nani alipe?

Sanduku la hisa lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Utaratibu huu umeenea Unguja tangu vikundi vya kuweka na kukopa vilipoanza upande wa Jozani, miaka ya mwanzo ya 2000. Lakini siku ya kugawana pesa zisipotimia, wote humtazama mshika fedha. Je, ni yeye peke yake?

Chukua mfano. Vitabu vya wanachama vinaonyesha hisa za milioni 6. Ada za mikopo zilizolipwa ni laki 3, na mikopo iliyo nje ni milioni 3.8. Sandukuni panatakiwa kuwa na milioni 2.5, lakini zinahesabiwa milioni 1.4. Pengo ni milioni 1.1.

Hapa kuna mambo mawili tofauti. Kwanza ni jinai. Ili mtu atiwe hatiani kwa wizi, lazima ithibitike kuwa alichukua kwa nia mbaya. Pengo peke yake halitoshi, maana huenda kuna mkopo uliotoka bila kuandikwa.

Pili ni madai. Viongozi wameaminiwa mali ya watu, hivyo wanawajibika kutoa hesabu. Kama watu wawili wenye funguo walimwachia mshika fedha zote tatu ili "asisumbuke", hawakuiba, lakini uzembe wao unaweza kuwafanya nao wadaiwe. Kwa vyama vya ushirika vya Bara, sheria ya 2013 inamruhusu Mrajis kumtoza kiongozi aliyesababisha hasara kwa kukiuka wajibu wake.

Usajili nao una uzito. Chama cha ushirika kilichosajiliwa kinashtaki kwa jina lake, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika Zanzibar anaweza kuchunguza hesabu zake. Kikundi kisichosajiliwa hakina nafsi ya kisheria. Wanachama hudai wenyewe, au mahakama iwaruhusu wachache wawakilishe wenzao.

Wengi hukimbilia kwa sheha. Si vibaya, anaweza kusuluhisha na kushuhudia makubaliano, ila hawezi kumtia mtu hatiani.

Kinachoharibu kesi nyingi ni siku ile ile ya kwanza. Viongozi wanatakiwa wahesabu pesa mbele ya wote, waandike kiasi kilichopatikana, kisha watie saini. Daftari lisifutwe wala kuandikwa upya. Vitabu vya wanachama vipigwe picha kimoja kimoja, kwa sababu hivyo ndivyo ushahidi ambao mshika fedha hakai nao peke yake.

Akikiri na kuahidi kurudisha, aandike kiasi, tarehe za kulipa na saini, mbele ya mashahidi. Ahadi ya mdomo ya "nitalipa, nivumilieni" ni ngumu kuithibitisha mahakamani.

Na kiongozi aliyegundua pengo akanyamaza ili kumsitiri mwenzake? Huyo naye atatakiwa kujieleza.