Wazo moja pamoja na sharti lake

Naafiki rai ya kwamba kila toleo la jarida la barua pepe lichukue wazo moja la kukuza biashara lililokwisha kujaribiwa, ila wazo hilo, lisipoandamana na sharti lake, humghuri msomaji: asimuliaye jinsi Dropbox ilivyomtunza nafasi ya kuhifadhi faili mwalikaji na mwalikwa pia, hana budi kubainisha kwamba tunu ile ilikuwa ndiyo bidhaa yenyewe, wala haikuigharimu kampuni mithili ya fedha taslimu, hivyo muuza viatu akiiiga huenda akala hasara. Ama kuhusu kudumu kwa wasomaji wa jarida hilo, hesabu ya barua zilizofunguliwa si shahidi mwadilifu, kwani tangu 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha za barua, nayo ikahesabiwa kuwa imefunguliwa, kabla mtu hajaisoma; afadhali wahesabiwe waliojibu na waliobofya.