Bei ya herufi zinazobaki

Katika vyama vya Skrabo vya shule zetu, mchezaji husifiwa kwa alama alizojizolea katika zamu moja. Mwanafunzi akipata alama 26, wenzake humpigia makofi; akipata 8, humcheka. Nina hoja kwamba kipimo hiki kina upungufu mkubwa. Kila zamu huwa na mazao mawili: alama zinazoandikwa karatasini, na herufi zinazobaki kwenye kibao cha mchezaji. Zao hili la pili nalo lina bei, na bei hiyo yaweza kukadiriwa kwa hesabu ya darasa la nane.

Tutazame mfano mmoja kwa makini. Mpinzani ameanza mchezo kwa neno END, na herufi D imekaa kwenye nyota ya katikati. Wewe unazo A, E, I, N, R, T na V. Jambo la kwanza ni kuchunguza kama waweza kuzitumia zote saba kwa mpigo, kwani afanyaye hivyo hupewa alama 50 za ziada. Lau ubaoni pangekuwa na L iliyo wazi, ungeandika INTERVAL na mjadala ungeishia hapo. L haipo, na herufi hizi saba pekee hazitoi neno.

Zimebaki njia mbili za kupimwa. Ya kwanza ni kuiweka V mbele ya END ili pawe na VEND, na wakati huohuo kuipitisha NATIVE wima kupitia V hiyo. A ya NATIVE huangukia mraba unaozidisha neno mara mbili. NATIVE ni alama 18, VEND ni 8, jumla 26. Inayobaki mkononi ni R peke yake. Njia ya pili ni kuiweka V peke yake, uandikiwe VEND kwa alama 8, nawe ubaki na A, E, I, N, R, T.

Je, ni mwehu gani atakayeziacha alama 18? Kabla hatujamhukumu, tuitazame V yenyewe. Tahajia ya Kiingereza haipendi neno liishie kwa V, ndiyo maana have na give huandikwa kwa E isiyotamkwa. Katika orodha za maneno za mashindano hakuna hata neno moja la herufi mbili lenye V. Kwa hiyo V ni mgeni asiyekaa na jirani yeyote kwa urahisi, na kuiondoa ni faida. Zile sita zinazobaki, kinyume chake, ndizo zinazounda viambishi vya lugha hiyo: RE-, IN-, EN-, -ER, -IER, -INE. Ukiziongezea herufi moja tu, aghalabu neno la herufi saba hujitokeza. D hutoa TRAINED, E hutoa TRAINEE, G hutoa GRANITE, I hutoa INERTIA, L hutoa LATRINE, M hutoa RAIMENT, P hutoa PAINTER, R hutoa TERRAIN, S hutoa NASTIER, T hutoa NITRATE. Orodha haikomei hapo: F, H, K, N, U na W nazo zina maneno yake, na kigae kitupu hukubali chochote.

Sasa tuhesabu. Vigae vyote vya Skrabo ya Kiingereza ni 100. Ukitoa saba vyako na vitatu vya END, ambavyo hujaviona ni 90. Nimehesabu vile vinavyokamilisha neno katika herufi nilizozitaja, nikaacha maneno ya nadra mno, nikapata 63. Hii ina maana kwamba, ukichota kigae kimoja, una nafasi 7 katika 10 za kupata neno la herufi saba.

Hata hivyo, kuwa na neno si kuwa na mahali pa kuliweka, na hapa ndipo wengi huteleza. RAIMENT yaweza kulazwa chini ya END, kwa sababu ER, NA na DI zote ni maneno halali. TRAINED haikai hapo, kwani ET ni sawa lakini NR si neno. Tena mpinzani naye atacheza kabla yako, na huenda akaziba mlango au akakufungulia mwingine.

Tuchukulie kwamba neno la herufi saba huleta alama 65 na zamu ya kawaida alama 25. Hayo ni makadirio yangu, nawe waweza kuyabadilisha. Anayeandika NATIVE hupata 26 na baadaye 25, jumla 51. Anayeandika VEND, tumpe michezo 30. Katika 21 atachota herufi inayofaa. Ikiwa atapata mahali katika 14 tu, wastani wa zamu ya pili ni alama 44 hivi. Ukiongeza 8 za VEND, ni 52. Njia hizi mbili zinakaribiana. Ubao ukiwa wazi, apate mahali mara 18, jumla hupanda hadi 57. Ubao ukiwa umefungwa, apate mara 7 tu, jumla hushuka hadi 42. Kwa mfano wetu, ambapo mchezo ndio kwanza umeanza na ubao una nafasi tele, mimi ningechagua VEND bila kusita. Tena, hata nikikosa zamu ijayo, zile herufi njema bado ninazo.

Msomaji asidhani kwamba nahubiri ubahili. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini ya Skrabo huoza. Mfuko unapokaribia kwisha, hakuna tena cha kuchota cha kuikamilisha, na vigae vinavyobaki mkononi mchezo ukiisha hukatwa katika alama zako. Hapo chukua alama ulizopewa. Vilevile, tofauti ikiwa kubwa mno, tuseme alama 40, akiba hiyo haiwezi kuifidia.

Uamuzi wa namna hii si mageni barani mwetu. Mwaka 2015, mjini Perth nchini Australia, Wellington Jighere wa Nijeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Skrabo ya Kiingereza. Wachezaji wa nchi yake walijulikana kwa kutoona haya kuandika neno fupi ilhali wanalo refu, wabaki na herufi za kufaa zamu ijayo.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Kwenye karatasi ya alama, kando ya kila neno, mwanafunzi aandike herufi alizobaki nazo. Mchezo ukiisha, atazame ni zamu zipi alizokwama, kisha arudi nyuma zamu moja na kusoma alichokuwa amebakisha. Huko ndiko atakakoona ni lini alama 26 zilikuwa ghali kuliko alivyodhani.