Faili tupu CRB si faili safi

Huku kwetu Pwani jina la CRB hutajwa pale tu mtu anapokwama. "Fulani ameingizwa CRB," watu husema, na kila mmoja huelewa kwamba fulani alikopa akakimbia. Ndiyo maana wengi hujivunia kuwa hawajawahi kukopa popote na wanaamini kwamba siku watakapoingia benki watapokelewa kwa mikono miwili. Mambo hayaendi hivyo.

Nina kijana ninayemfahamu, mvuvi wa upande wa Kwale, ambaye mwaka jana alikwenda kuomba mkopo wa mashine ya boti. Hadaiwi na mtu. Kwenye chama chao cha kuchangiana hajakosa zamu hata moja, na duka analochukulia mafuta kwa deni hulilipa kila Ijumaa. Afisa wa mikopo alitazama kompyuta yake akamwambia hana historia. Kijana alitoka amekasirika akidhani ametukanwa.

Afisa hakumtukana. Kenya ina mashirika matatu yenye leseni ya Benki Kuu ya kuhifadhi taarifa za mikopo, nayo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hayo ndiyo tunayoyaita CRB. Yanapokea taarifa kutoka kwa wakopeshaji, za wanaolipa vizuri na za wanaokwama pia. Mwenye duka la mafuta hapeleki chochote huko, wala mweka hazina wa chama. Uaminifu wote wa kijana yule umeandikwa katika daftari ambalo benki haiwezi kulifungua. Hata cheti cha CRB ambacho vijana hutakiwa kuwa nacho wakiomba kazi husema tu kwamba hukushindwa kulipa. Hakisemi kwamba umewahi kulipa.

Jambo hili linatuuma sisi zaidi ya wengine kwa sababu inayojulikana. Familia nyingi za mwambao zimekaa kwenye ardhi vizazi na vizazi bila hati miliki, na asiye na hati hana cha kuweka rehani. Kinachobaki ni rekodi yake ya kulipa.

Rekodi hiyo huanza na mkopo mdogo, lakini si kila mkopo mdogo hufika CRB. Hapa ndipo watu wengi hupoteza mwaka mzima. Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa mwisho wa Novemba 2022, ndiyo rahisi kuliko zote. Ukiomba shilingi 1,000 unapewa 950, kwani 50 zinawekwa akiba yako, na riba ya asilimia 8 kwa mwaka ikihesabiwa kwa siku 14 ni kama shilingi tatu tu. Ila Hazina ilianzishwa makusudi bila kutegemea CRB, na kiwango chako huko hupanda kwa hesabu zao wenyewe. Ni msaada mzuri wa mtaji, lakini usiuchukulie kuwa ndio utakaokutambulisha benki.

M-Shwari ni ghali zaidi, lakini nyuma yake kuna benki, na benki hupeleka taarifa. Ukikopa shilingi 1,000 unalipa ada ya asilimia 7.5, yaani shilingi 75, na ushuru wa serikali juu ya ada hiyo, kwa muda wa siku 30. Ukipitisha siku hizo unatozwa ada nyingine. Kwa kipimo cha mwaka hiyo ni bei kali, na singemshauri mtu aendeshe biashara kwa fedha hizo. Kwa mikopo mitatu ya namna hiyo, kijana wetu angetoa shilingi 225 na ushuru wake. Achukulie kwamba ananunua jina, kisha aishie hapo.

Aikope vipi? Mmoja mmoja, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na kiasi ambacho tayari anacho mfukoni au kwenye akiba. Wengine hukopa asubuhi wakarudisha jioni wakidhani wameonyesha uaminifu mkubwa. Ada ni ileile, na deni lililoishi saa sita halimwelezi mkopeshaji mengi. Afadhali aliache likae wiki tatu hivi, alilipe siku chache kabla ya tarehe, asisubiri siku ya mwisho mtandao ukatike. Na asigonge kila apu ya mikopo kwa wakati mmoja. Kila mkopeshaji anayechungulia faili huacha alama yake, na maombi saba kwa wiki moja humwonyesha mtu aliyebanwa.

Baada ya hapo ahamie mkopo wa kulipa kila mwezi, kwani ndio unaofanana na ule wa mashine. Chama cha akiba na mikopo kinaweza kumpa shilingi 20,000 kwa miezi sita kwa dhamana ya akiba yake. Aulize swali moja kabla ya kutia sahihi: taarifa zangu mnazipeleka CRB, na za kulipa vizuri mnazipeleka pia? Akijibiwa la, atafute kwingine. Na kwa mvuvi, miezi hiyo sita aihesabu kwa pepo. Mkopo unaoanza Machi utamkuta katikati ya kusi, bahari imechafuka na boti iko juu ya mchanga, ilhali marejesho hayajui kusi wala kaskazi. Aanze Oktoba.

Kwa wasiotaka riba njia ipo. Benki zinazofuata sharia zimekuwapo nchini tangu 2008. Katika murabaha benki hununua kitu kisha hukuuzia kwa faida mliyokubaliana, ukalipa kidogo kidogo. Benki hizo nazo ziko chini ya Benki Kuu, kwa hiyo malipo hayo hujenga rekodi kama ya mwengine yeyote.

Je, akichelewa? Siku tano si mwisho wa dunia, ingawa siku za kuchelewa huonekana kwenye ripoti. Deni hugeuka bovu likipita siku 90, na mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kukuandikisha. Madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2020. Lakini ukishaandikwa, doa hubaki miaka mitano baada ya kulipa. Kwa hiyo akiona mwezi huu haupiti, ampigie mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada yake.

Kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako mara moja bila malipo kutoka kwa kila shirika. Iombe, uisome mstari kwa mstari. Metropol hutoa alama kati ya 200 na 900, na iliyo chini ya 400 huashiria deni lililoharibika. Lakini usikimbilie alama tu. Tazama mikopo yenyewe. Huku kwetu laini hupewa binamu na kitambulisho hukopeshwa shemeji, na siku moja unakuta mkopo wa Kisauni ulioshindwa kulipwa, nawe hujawahi kuvuka feri. Ukikuta hivyo liandikie shirika ukipinga, nalo litamrudia mkopeshaji kumuuliza. Ukikuta mkopo uliolipa haumo kabisa, basi mkopeshaji wako hapeleki taarifa.

Kijana wa Kwale sasa yuko mwezi wa nne wa mkopo wake wa chama. Hakuna anayeweza kumwahidi mashine. Benki bado itapima kipato chake na itataka kujua samaki anamuuzia nani. Ila safari hii afisa akifungua kompyuta atakuta cha kusoma.