Ng'ombe wa Kwanza na Kisima cha Pwani

Baadhi ya jamaa zetu wa pwani hupenda kununua ng'ombe wa maziwa kutoka bara, na Kwanza, kaskazini ya Kitale katika Kaunti ya Trans Nzoia, ni miongoni mwa nchi wanakopatikana ng'ombe wa namna hiyo. Mnyama huteremka lorini akiwa mzima, lakini mara nyingi, kabla mwezi haujatimia, maziwa yake huwa yamepungua. Wenye nyumba hulaumu joto, au majani, au muuzaji. Kabla ya kumlaumu yeyote, ni vyema kutazama ndoo ya maji, kiasi chake na ladha yake.

Tuanze kwa hesabu ya huko atokako. Kwanza ni nchi ya baridi kiasi, na maji yake kwa kawaida si ya chumvi. Tuchukue mfano wa ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400, anayetoa lita 10 za maziwa kwa siku. Mwili wake wahitaji takriban lita 35, na kila lita ya maziwa huongeza kama lita 3. Basi 35 na 30 ni lita 65, yaani mitungi mitatu ya lita 20 na zaidi kidogo. Haya si maajabu, kwani katika lita 10 za maziwa karibu lita 9 ni maji matupu.

Hata hivyo, mwenye ng'ombe Kwanza huenda akakuambia kwamba mnyama wake hanywi hata mitungi miwili, naye atakuwa msema kweli. Wakati wa mvua ng'ombe hula majani ya napia, ambayo zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Akila kilo 40, hupata humo kama lita 30, na zinazobaki ndizo anazonywa. Ukiingia ukame wa Disemba hadi Februari, mahindi yakisha kuvunwa, hulishwa mabua makavu yasiyo na maji. Hapo hutaka lita zake zote 65 kutoka kwenye birika, na huo ndio wakati vijito vinapopungua.

Mnyama huyo akifika pwani, hukutana na mabadiliko mawili kwa pamoja. La kwanza ni joto, ambalo huweza kuongeza mahitaji yake kwa nusu nzima, hivi kwamba lita 65 zikawa 95 au zaidi. Anayemtekea mitungi mitatu kama alivyoelekezwa na muuzaji humwacha na kiu kila siku. Dalili zake huonekana mapema: maziwa hushuka, kinyesi hukauka na kuwa kigumu, mkojo huwa mchache na mzito wa rangi, naye hukataa kula mabua. Kiu ikizidi, macho huingia ndani, na ngozi ya shingo ukiivuta kwa vidole hukawia kurudi.

La pili ni chumvi. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, hasa wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji ya mvua yaliyo chini ya ardhi yakitekwa mno, yale ya bahari husogea mahali pake. Maji yenye chini ya gramu 3 za chumvi katika lita huwafaa wanyama wote kwa jumla, ingawa wageni huweza kuharisha siku za mwanzo. Kati ya gramu 3 na 5 ng'ombe huvumilia akizoea, ila kuku hutoa kinyesi cha majimaji na hukua kwa shida. Ikipita gramu 7, ng'ombe mwenye mimba au anayekamwa yumo hatarini. Kondoo na mbuzi waliozoea huvumilia kuliko ng'ombe, na ngamia huwashinda wote. Ikipita gramu 10, asinyweshwe mnyama yeyote wa nyumbani. Maji ya bahari yenyewe yana kama gramu 35.

Sasa tutie hesabu pamoja. Kisima chenye gramu 3 kwa lita, kikimnywesha ng'ombe wetu lita 95, humpa gramu 285 za chumvi kwa siku, hali mahitaji yake hayafiki hata robo ya hizo. Figo hulazimika kuitoa kwa mkojo, na mkojo wataka maji zaidi. Kwa hivyo joto humfanya anywe, na kunywa humwongezea chumvi. Mwenye kisima cha namna hii aondoe jiwe la chumvi zizini, wala asitie chumvi katika pumba.

Kupima vizuri ni kazi ya maabara ya maji. Lakini nyumbani waweza kukisia: koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi, ambayo ni kama gramu 3, katika lita moja ya maji ya mvua, kisha onja na ulinganishe na maji ya kisima yaliyochemshwa kwa usafi. Yakiwa ya kisima ni makali zaidi, jihadhari. Yakiwa na uchungu pamoja na chumvi, huenda yana magnesia, ambayo huharisha upesi.

Kuchemsha hakuondoi chumvi. Huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Dawa ni kuchanganya. Maji ya gramu 6, yakitiwa maji ya mvua kiasi sawa, hubaki na gramu 3. Mgeni kutoka bara aanze na maji matamu, kisha yale ya kisima yaongezwe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Birika nalo limwagwe na kusuguliwa kila siku, kwa sababu jua hupunguza maji likaacha chumvi yote.

Huko Kwanza balaa si chumvi bali uchafu. Ng'ombe wakiachwa waingie kijitoni, hunya humo humo wanamonywea, na ndama hupata kuharisha. Kando ya maji yaliyotuama huishi konokono wanaobeba minyoo ya ini, ile bapa kama jani tunayoikuta wakati mwingine tukipasua ini la mnyama wa Idd. Ng'ombe mwenye minyoo hiyo hukonda, na huweza kuvimba chini ya taya. Yafaa kijito kizungushiwe ua, maji yatekwe kwa ndoo na kutiwa katika birika lililoinuliwa.

Kwa wengine wa nyumbani, mbuzi au kondoo hutaka lita 3 hadi 5, na anyonyeshaye zaidi ya hapo. Punda hutaka 15 hadi 25. Kuku 100 wa mayai hunywa kama lita 25, na siku ya joto kali huweza kufika maradufu. Wakikosa maji siku moja tu, mayai hupungua kwa siku nyingi.

Tahadhari ya mwisho ni ya ndama. Aliyekaa na kiu kwa muda mrefu, kama katika safari ya lori kutoka Kitale, asiachiwe ndoo nzima kwa mara moja. Maji mengi ya ghafula huvunja chembe za damu yake, akakojoa mkojo mwekundu, na huweza kufa. Mpe lita moja au mbili, ungoje nusu saa, kisha umwongeze.